Moshi Unaosubiri Nyuma ya Mlango

Moshi wa nyumba inayoungua nao unaweza kuwaka. Kochi la sponji, pazia au kabati la mbao likipata joto kali huanza kutoa gesi hata kabla halijashika moto, na gesi hizo pamoja na masizi ndizo zinazojikusanya chini ya dari. Ili ziwake zinahitaji joto la kutosha na hewa ya kutosha. Kwa kawaida kimojawapo ndicho kinachokosekana, na kikipatikana hutokea mojawapo ya matukio mawili ambayo yameua wazimamoto wengi.

La kwanza ni mwako wa chumba kizima. Hapa hewa ipo. Kinachongojwa ni joto. Moshi wa darini ukifikia nyuzijoto 500 hadi 600 za Selsiasi, humwaga joto lake kuelekea chini, kama makaa yanayopaliwa juu ya mfuniko wa sufuria ya wali. Zulia, karatasi za mezani na miguu ya viti, vitu ambavyo hakuna ndimi zilizovigusa, huanza kufuka moshi, kisha vyote hushika moto kwa pamoja ndani ya sekunde chache. Chumba chenye fanicha za sponji na plastiki kinaweza kufika hapo chini ya dakika tano. Dalili zake huonekana na aliye ndani: moshi unashuka upesi, ndimi zinatambaa ndani ya moshi huo kichwani, na joto linamlazimisha mtu kupiga magoti. Akiona hayo, ni lazima apoze moshi wa juu kwa maji au atoke. Mavazi ya kazi hayamlindi mtu zaidi ya sekunde chache katika mwako huo.

La pili ni mlipuko wa moshi, na hili ndilo linaloufanya mlango kuwa wa hatari. Moto umewaka ndani ya chumba kilichofungwa mpaka hewa imepungua. Ndimi zimefifia, lakini vitu bado vina joto na vinaendelea kutoa gesi. Mlango unapofunguliwa, moshi moto hutoka kwa juu na hewa baridi huingia kwa chini, ikitambaa sakafuni hadi ikutane na kaa au cheche. Gesi iliyokwisha kuchanganyika na hewa hulipuka, na moto hutoka nje kupitia mlango uleule. Kati ya kufungua na kulipuka zinaweza kupita sekunde chache au hata dakika kadhaa, kwa hiyo utulivu wa mwanzo si ushahidi wa usalama.

Mkasa wa jengo namba 62 la Mtaa wa Watts, New York, tarehe 28 Machi 1994, unaonyesha hilo hatua kwa hatua. Mfuko wa taka wa plastiki uliachwa juu ya jiko la gesi katika nyumba ya ghorofa ya chini. Mkazi alitoka, na nyumba ilikuwa imezibwa vizuri ili isipoteze joto, hivyo moto uliungua kwa takriban saa nzima huku ukikosa hewa. Wazimamoto waliitwa kwa sababu ya moshi na cheche kwenye bomba la moshi. Walifungua paa juu ya ngazi, kundi moja likavunja mlango wa chini, lingine likapanda ghorofa ya juu yake. Mlango ulipofunguka ilitoka hewa ya uvuguvugu tu, wala si ya moto. Kisha hewa ya nje ikavutwa ndani kwa nguvu, na moto ukapanda ngazi kuelekea kwenye uwazi wa paa. Waliokuwa mlangoni waliinama wakaokoka. Watatu waliokuwa juu walifariki. Moto ule uliendelea kujaza ngazi kwa zaidi ya dakika sita.

Ndiyo maana mlango husomwa kwanza. Mzimamoto hutazama madirisha: vioo vyeusi vyenye utando wa masizi wa mafuta, bila mwanga wa ndimi nyuma yake, vinatia shaka. Hutazama nyufa za mlango: moshi unaotoka kwa mapigo, kisha kurudi ndani kana kwamba chumba kinapumua, ni onyo kubwa, na mluzi wa hewa inayovutwa ni onyo jingine. Hunyunyiza maji kidogo mlangoni. Pale yanapokauka haraka ndipo tabaka la moshi moto lilipoanzia. Mlango mnene huficha joto, kwa hiyo mlango baridi peke yake hauthibitishi chochote.

Dalili zikiwapo, huwa bora kutoboa kwanza uwazi juu ya chumba chenyewe, ili gesi zitoke mahali pasipo na watu. Mlango ukilazimika kufunguliwa, mpira wa maji huwa tayari umejaa, hakuna anayesimama mbele ya uwazi wala kwenye ngazi za juu, na mmoja huushika mlango. Hufunguliwa kidogo tu, maji hurushwa kwa mapigo mafupi kwenye moshi wa juu, kisha hufungwa tena na moshi huangaliwa upya.