Barua ya Usiku wa Kuamkia Kamera

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kupiga filamu, kila mtu kwenye timu hupokea ratiba ya siku. Humo mna saa ya kufika lokesheni, onyesho litakaloanza, nani anahitajika na hospitali ya karibu iko wapi. Karatasi hiyo huandaliwa na mwongozaji msaidizi. Baadhi ya waongozaji huambatanisha barua yao wenyewe, na wengi hukosea hapo hapo, kwa kurudia yale yale ya ratiba au kumwaga hotuba juu ya ndoto zao za utotoni. Barua yenye kazi hutoa ruhusa, jambo ambalo ratiba haiwezi kulifanya.

Richard Linklater alilielewa hilo mapema. Mwaka 1992 alikuwa Austin, Texas, akijiandaa kupiga Dazed and Confused, filamu inayohusu vijana katika siku ya mwisho ya shule mwaka 1976. Waigizaji wake wengi walikuwa vijana wasiojulikana. Kabla ya kazi kuanza aliwaandikia kwamba filamu ikitoka neno kwa neno kama ilivyo kwenye skripti, basi wote watakuwa wamefanya chini kabisa ya uwezo wao. Pamoja na barua, waigizaji walipata kanda za muziki wa miaka ile, ili wasikilize walichokuwa wakisikiliza wahusika wao.

Mwandishi wa skripti hiyo alikuwa Linklater mwenyewe, kwa hiyo ruhusa ilitoka kwa mwenye mali, na matunda yake yanaonekana kwenye filamu. Matthew McConaughey, aliyekuwa na nafasi ndogo tu, alipopiga onyesho lake la kwanza alitamka neno moja la kukubali mara tatu mfululizo. Halikuwamo kwenye skripti. Watu wanamtania nalo hadi leo.

Ila ruhusa ya namna hiyo inahitaji mipaka. Mwigizaji akibadilisha maneno kila mara, msimamizi wa mwendelezo atachanganyikiwa na mhariri atakuta vipande visivyoungana. Njia rahisi ni kuandika waziwazi kwamba mara ya kwanza tunasema kama ilivyoandikwa, kisha kila mtu ana mara moja ya kujaribu lake.

Ruhusa ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya kusimamisha kazi. Februari 2014, katika jimbo la Georgia, Marekani, timu ya filamu ya Midnight Rider ilipanda daraja la reli kupiga onyesho la ndoto, ikaweka kitanda juu ya reli. Kampuni ya reli ilikuwa imekataa kuwaruhusu kupiga picha hapo. Treni ya mizigo ikatokea. Sarah Jones, msaidizi wa kamera mwenye umri wa miaka 27, akafa, na wenzake kadhaa wakajeruhiwa. Mwongozaji alikiri kosa la kuua bila kukusudia mwaka 2015, akafungwa.

Kwenye seti, kijana wa kamera hamwambii mwongozaji "hapana". Ngazi ya vyeo ni ndefu, na kibarua cha filamu ijayo kinategemea sifa ya leo. Ndiyo maana neno hili linapaswa kutoka juu, tena kabla ya siku yenyewe. Tuseme timu ndogo inaanza kazi ufukweni Bagamoyo Jumatatu. Mwongozaji angeweza kuandika hivi:

"Ndugu zangu, kesho tunaingia majini na taa za umeme ziko karibu. Yeyote akiona hatari, awe mpishi au nyota wa filamu, apaze sauti aseme 'simama'. Tutasimama kwanza, tutaulizana baadaye. Hakuna atakayeulizwa kwa nini alituchelewesha."

Sentensi hizo zina uzito kuliko kurasa mbili za kusifu mshikamano. Zimetaja hatari ya kesho yenyewe, zimetaja neno la kutumia, na zimeondoa hofu ya kulaumiwa.

Mahali barua inapobomoka ni kwenye ahadi za muda. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, na kwa filamu ndefu ya kawaida kurasa tatu au nne kwa siku ni kazi ya kutosha. Mwongozaji akiahidi kuwa saa kumi na mbili hazitavukwa, huku ratiba aliyoambatanisha ina kurasa tisa, fundi taa mzoefu atajua ukweli kabla hajazima simu. Ahadi ya usalama iliyo juu yake nayo itatiliwa shaka. Ni bora mwongozaji na msaidizi wake wakae kwanza na ratiba, wafute onyesho moja, ndipo barua iandikwe.

Kisha itumwe kabla ya saa mbili usiku. Mwenye jenereta anaamka saa tisa.