Moyo Ukivutwa Kazini

Nangurukuru ni mji wa njia panda. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hupita hapo, barabara moja hushuka pwani kuelekea Kilwa Kivinje na Masoko, nyingine huingia bara kuelekea Liwale. Ukiacha wenyeji na wafanyabiashara wa ufuta, korosho na samaki, miji ya namna hii hupokea watu wengi walioletwa na barua ya kazi: walimu, wauguzi, maofisa ugani, watumishi wa halmashauri. Wengi wao wana ndoa, ila ndoa iko kwingine. Mume yuko Newala, mke yuko Morogoro, watoto wako kwa bibi yao. Serikali inalijua jambo hilo, ndiyo maana miongoni mwa sababu ambazo mtumishi wa umma huombea uhamisho ipo ile ya kufuata mwenza.

Katika mazingira hayo, mtu mwenye ndoa yake kujikuta anavutiwa na mwenzake wa kazini ni jambo la kutegemewa. Sura hii inamfuata mtu mmoja wa mfano. Hayupo mtu huyo kwa jina, lakini mambo yake yanatokea kila siku. Ni muuguzi wa miaka thelathini na minne, amepanga chumba Nangurukuru, mumewe ni mwalimu mbali na hapo na huonana wakati wa likizo. Kwenye kituo anachofanyia kazi yupo tabibu, naye ana mke na watoto. Hupangwa pamoja zamu ya usiku.

Jambo lenyewe lilianza usiku mmoja saa tisa, alipoletwa mama aliyejifungulia nyumbani huku damu haikatiki. Wawili hao walihangaika naye mpaka gari la wagonjwa likafika kumpeleka hospitali. Baadaye walikaa kwenye benchi la nje wakinywa chai ya rangi, mikono ingali inatetemeka. Muuguzi alimtazama yule tabibu akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona mwaka mzima waliofanya kazi pamoja.

Wanasaikolojia wanalifahamu tukio la aina hiyo. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha jaribio walilofanya kwenye daraja la Capilano huko Kanada, daraja linaloning'inia juu ya bonde lenye kina cha meta 70 hivi. Msichana aliwasimamisha vijana wa kiume waliokuwa wakivuka, akawauliza maswali machache kisha akawapa namba yake ya simu. Kati ya vijana 18 walioipokea darajani, 9 walimpigia. Kwenye daraja jingine la chini na imara, waliompigia walikuwa 2 kati ya 16. Maelezo ya watafiti ni kwamba moyo uliokuwa ukienda mbio kwa hofu ulipata mtu mbele yake, ukamhesabia yeye mbio hizo. Zamu ya usiku wodini, mtihani wa taifa unaosahihishwa kwa haraka, safari ya kikazi iliyokwama njiani kwa mafuriko, kila kimoja kina daraja lake.

Kwa hiyo mvuto wa usiku ule haukumwambia muuguzi mengi kuhusu tabibu, wala haukutoa hukumu juu ya ndoa yake. Ulimwambia kwamba walipita pamoja kwenye jambo zito. Laiti ungeishia hapo, ungefifia wenyewe kama inavyofifia mingi.

Haukuishia hapo. Tabibu alianza kumpa lifti ya pikipiki asubuhi. Wakaanza kuandikiana kwenye simu, mwanzoni habari za zamu, halafu habari za siku, halafu baada ya saa nne usiku. Na kwa kuwa huku kusini watu wana utani wa makabila, waligundua kuwa ni watani. Tabibu akamwita "mke wangu" mbele ya wafanyakazi wote na watu wakacheka.

Utani ni mila yenye heshima yake. Waandishi wa enzi ya ukoloni, akiwamo R. E. Moreau katika miaka ya 1940, waliueleza kwa kirefu: mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kitu, hata kudai mkeo ni wake, na ni mwiko kukasirika. Ruhusa hiyo inasimama juu ya sharti moja, nalo ni hadhara. Maneno husemwa msibani, sokoni, kazini, mbele ya watu wanaojua kuwa ni utani. "Mke wangu" ya mchana mbele ya wenzake haina neno. "Mke wangu" iliyoandikwa saa tano usiku ikasomwa chini ya shuka imekosa mashahidi wanaoifanya kuwa utani.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa ya kawaida kabisa. Tabibu aliandika kuuliza kama samaki wa Kivinje wamepanda bei. Muuguzi alijibu, kisha akafuta maongezi yote, kwa sababu mumewe alikuwa anakuja kesho yake. Juma lililofuata alibadilisha jina la tabibu kwenye simu akaandika "Fundi Bomba". Hakukuwa na neno la mapenzi hata moja katika alichokifuta. Alificha bei ya samaki.

Hapo ndipo pa kutazama, kwa sababu siri yenyewe huzaa mvuto. Mwaka 1994 Daniel Wegner na wenzake walieleza jaribio walilofanya Marekani kwa watu wasiofahamiana, wanaume na wanawake, waliokaa mezani wanne wanne kucheza karata. Baadhi ya jozi waliagizwa wagusane miguu chini ya meza wakati wote wa mchezo. Wengine walifanya hivyo kwa siri, wengine jozi ya upande wa pili ikijua. Walipoulizwa baadaye, waliogusana kwa siri ndio waliovutiwa zaidi na wenzao. Mguso ulikuwa ule ule. Kilichozidi ni kazi ya kuficha, maana anayeficha analazimika kukiweka akilini muda wote kile anachokificha.

Wengi hukimbilia dawa ya kujikaza: nisimtazame, nisimfikirie. Nathan DeWall na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2011, waliwafanya watu wenye wapenzi wageuze macho yao kutoka kwenye picha za watu wenye sura nzuri bila kujua kuwa wanageuzwa. Matokeo yalikuwa kinyume: baadaye walizikumbuka zaidi sura hizo, na kuridhika kwao na wapenzi wao kukapungua. Katazo lisilotoka ndani ya mtu humtia hamu.

Linalofaa ni kubadili mazingira yanayolisha mvuto na kuondoa siri. Kwa muuguzi wetu kazi ya kwanza ilikuwa kukiri moyoni kwa maneno ya wazi: "Nimempenda mtu huyu kidogo, na ninaficha." Ya pili ilikuwa kujiuliza anapata nini pale. Jibu halikuwa sura wala mwili. Tabibu alimuuliza kila siku, "Leo umeamkaje?" na akasubiri jibu. Simu za mumewe zilikuwa za ada, mchele na mabati ya nyumba wanayojenga. Pengo hilo lilikuwa la ndoa, na tabibu hakuwa na uwezo wa kuliziba kwa niaba ya mumewe.

Ya tatu ni vitendo. Aliomba kwa mganga mfawidhi abadilishiwe zamu, akitoa sababu ya uchovu, ambayo nayo ilikuwa kweli. Akarudi kupanda bajaji. Habari za kazi akazihamishia kwenye kundi la WhatsApp la kituo. Ujumbe wa usiku ukajibiwa kesho yake mchana, kwa ufupi. Jina la tabibu likarudi kwenye simu kama lilivyo. Waislamu, ambao ni wengi Kilwa, wataitambua hekima hiyo katika katazo la khalwa: kinachozuiwa ni wawili kujitenga faraghani, kabla hata hisia za mtu hazijaulizwa.

Jambo moja hakulifanya, nalo ni kumwita tabibu pembeni "waliongelee". Mazungumzo hayo huonekana ya uungwana, lakini huwapa watu wawili siri mpya na kubwa kuliko ya kwanza. Tangu siku hiyo kila mmoja anajua anapendwa.

Je, amwambie mumewe? Shirley Glass, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha kitabu chake kuhusu usaliti mwaka 2003, aliwaambia wanandoa waangalie dirisha liko wapi na ukuta uko wapi: mtu wa nje akiona ndani ya ndoa kuliko mwenza, vitu vimebadilishana mahali. Ikiwa pamekuwapo miadi ya siri au kugusana, mwenza anastahili kuambiwa ukweli, kwa kuwa uamuzi unaohusu maisha yake umefanywa bila yeye. Ikiwa ni mvuto tu, linalompasa kulijua zaidi ni lile pengo. Muuguzi alisema hivi: "Baba fulani, huku nina upweke. Kuna mwenzangu kazini nimeanza kumzoea kupita kiasi, nimejirudi. Nataka tuwe tunaongea, tusiishie kwenye mabati." Mumewe alinuna siku mbili, kisha akapiga simu ya usiku isiyo na hesabu ndani yake. Kwenye nyumba ambamo maneno kama hayo huleta kipigo, usalama unatangulia; aambiwe kwanza somo, shangazi au mtu mzima anayetunza ulimi.

Wapo wanaume watakaosema wao njia yao ni kuoa mke wa pili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya wake wengi, lakini inaiweka hadharani: taarifa ya kusudio hutolewa siku 21 kabla, na mke aliyepo anaweza kupinga, kwa mfano akionyesha kuwa kipato cha mume hakitoshi na familia itataabika. Anayekusudia kuoa na bado anafuta ujumbe hajaanza safari hiyo. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mwanandoa kumdai fidia mtu aliyezini na mwenza wake, na anayetaka kuvunja ndoa kwa kawaida lazima apitie kwanza baraza la usuluhishi.

Mvuto unaopoa hutambulika. Jina la mtu hutajwa nyumbani bila kupangwa, zamu yake hupita bila kuhesabiwa, na kasoro zake zinaanza kuonekana. Usipopoa, na kila siku mtu akawa anatafuta sababu ya kupita mlango ule, kubadili ratiba hakutoshi; aombe kuhamishwa kitengo, na wenye ndoa za mbali wajaze maombi ya kufuata mwenza, yanayoweza kuchukua muda mrefu kujibiwa na kwa hiyo yasisubiri mambo yaharibike. Kabla ya yote hayo, fungua simu yako leo, tafuta jina ulilolibadilisha au maongezi uliyoyafuta, na uanzie hapo.