Imeili Umeitoa Kwenye Tovuti ya Loji: Anza Kwa Kuomba Ruhusa, na Wakisema "Acha" Fanya Hivi

Leo tuongelee kitu ambacho wauzaji wengi wa Tarime na Mugumu mnakifanya. Unaingia Google, unatafuta loji na kambi za Serengeti, unafungua tovuti moja moja na kunakili imeili iliyoandikwa pale. Jioni una anwani 40. Asubuhi unaandika tangazo la kahawa, asali au vikapu, unabandika anwani zote kwa pamoja, unatuma.

Hapo kuna shida mbili. Ya kwanza ni ruhusa. Loji imeweka anwani hadharani ili mgeni aulize chumba na mtu mwenye shughuli nao awafikie. Haijasema inataka matangazo ya kila wiki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inasema tangazo la biashara ambalo mteja hakuliomba lisitumwe mpaka awe ameridhia. Tena barua ijitambulishe mwanzoni, ioneshe imetoka kwa nani na ina lengo gani, na impe mpokeaji njia ya kukataa zinazofuata.

Aliyewahi kununua kwako, au mliyefikia kupatana bei, ana nafuu yake. Ukipata anwani yake katika biashara hiyo, unaweza kumwandikia kuhusu bidhaa zinazofanana na alizonunua, mradi ulimpa nafasi ya kukataa na unaendelea kumpa katika kila barua. Anwani uliyoikuta tovutini haina nafuu hiyo.

Angalia pia anwani yenyewe. Ile inayoanza na info@ au reservations@ ni ya ofisi. Inayoanza na jina la mtu, mfano meneja wa manunuzi, ni taarifa binafsi ya mtu huyo hata kama iko kazini kwake. Inaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Chini ya sheria hiyo mtu ana haki ya kukuzuia kutumia taarifa zake kumtangazia biashara. Kwa hiyo anza na anwani za ofisi, za majina ya watu ziache mpaka mwenyewe akupe.

Sasa tuchukue mfano wa dada anayeuza kahawa ya kukaanga, pakiti za nusu kilo, hapo Tarime mjini. Ana anwani 40. Anatoa 12 zenye majina ya watu, anabaki na 28 za ofisi. Zenye namba ya simu anapiga kwanza, anauliza: "Samahani, naweza kuwatumia bei za kahawa? Nimtumie nani?" Akijibiwa "tuma", ruhusa imepatikana, anaandika tarehe na aliyeongea naye. Kwa zile ambazo simu haipatikani, anaandika barua fupi ya kuuliza, moja moja:

"Habari za kazi. Naitwa (jina), nauza kahawa ya kukaanga, niko Tarime mjini. Anwani hii nimeitoa kwenye ukurasa wa mawasiliano wa tovuti yenu. Naomba kuuliza: ningependa kuwatumia orodha ya bei, mnaruhusu? Na nimtumie nani? Mkijibu HAPANA sitaandika tena. Simu yangu ni (namba)."

Ona kwamba hakuna bei, hakuna picha, hakuna ofa. Barua hii inaomba ruhusa tu. Ukiweka bei humo inageuka tangazo, na unarudi kulekule. Na usirundike anwani zote kwenye sehemu ya To au Cc, maana kila loji itaona anwani za wenzake wote, na mmoja akijibu kwa hasira wote wanasoma.

Akikaa kimya je? Kimya si ruhusa. Mwache, au siku ukipita na mzigo karibu na geti lao, uliza mtu wa stoo ana kwa ana.

Shida ya pili ni mlango wa kutokea. Barua za kampuni kubwa huwa na maandishi Unsubscribe, mtu anabonyeza anatoka. Wewe unayetuma kwa Gmail ya kawaida huna kitufe hicho. Mpokeaji akichoka na haoni njia ya kutoka, kitufe kilicho karibu naye ni Report spam. Google inawataka wanaotuma barua kwenda Gmail wasifikishe malalamiko 0.3%, yaani watu 3 kwa kila barua 1000. Kwenye barua zako 40, mmoja tu akibonyeza ni 2.5%. Barua zako zikianza kutupwa kwenye spamu, hata ankara unayomtumia mteja wako wa siku zote inaweza kuishia huko. Dalili yake ni wateja kukwambia "sijaona imeili yako" wakati umeituma.

Kwa hiyo kila barua, hata ya kumi kwa mteja anayekupenda, imalizie na mstari huu: "Usipotaka barua hizi, jibu neno ACHA." Iwe kazi ya neno moja. Usimwambie apige simu wala aeleze sababu. Akijibu ACHA, mtoe siku hiyohiyo na umjibu mara moja tu: "Sawa, nimekutoa. Asante." Usiongeze "ila tuna ofa mpya".

Halafu kuna kosa moja linalofanyika sana: anayekataa anafutwa kabisa kwenye orodha. Inaonekana ndiyo heshima, lakini mwaka kesho kabla msimu wa wageni haujaanza utaingia tena Google, utaikuta anwani ileile kwenye tovuti ileile, na utamwandikia kama mgeni. Usifute. Fungua ukurasa mwingine kwenye daftari, uite "WASITUMIWE", andika anwani na tarehe aliyokataa. Kila ukipata anwani mpya, ipitishe kwanza kwenye ukurasa huo.

Kumbuka pia kambi kadhaa zinaweza kuwa za kampuni moja yenye ofisi Arusha. Ofisi ikisema "msituandikie", andika jina la kampuni na kambi zake zote. Na anwani ya info@ inasomwa na watu wanaobadilika. Aliyekuruhusu akiondoka na aliyekuja akasema acha, neno la mwisho ndilo linalofuatwa.

Mlioko Sirari mnaouza ng'ambo, Isebania na Migori, Kenya nao wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Nayo inataka ridhaa kabla ya kutumia taarifa za mtu kibiashara. Daftari lako lilelile linatosha kuanzia: anwani, umeipata wapi, nani aliruhusu, lini, na kama amekataa, lini. Siku mtu akiuliza "imeili yangu umeitoa wapi?", unafungua ukurasa unamjibu.