Jaketi halivuji, mbona mtoto kalowa?

Mtoto anafika nyumbani, anavua jaketi la mvua, na shati la ndani limelowa chapachapa. Lawama humwangukia muuza mitumba: kauza jaketi bovu. Mara nyingi kasingiziwa, maana maji hayo yametoka mwilini mwa mtoto mwenyewe.

Kabla ya kulitupa jaketi, angalia palipolowa. Jasho hulowesha mgongo chini ya begi, makwapa na mikono kwa ndani. Maji ya mvua huanzia kwenye mishono ya mabega, shingoni au kwenye zipu. Ukiwa bado na shaka, tandaza karatasi ya chooni kavu ndani ya bega, mwagia maji kwa nje, kisha subiri dakika kumi. Karatasi ikibaki kavu, hapo hapavuji.

Jaketi la plastiki au la nailoni iliyopakwa mpira huzuia maji ya pande zote mbili. Mvuke wa jasho ukigusa kitambaa kilichopozwa na mvua hugeuka matone, kama inavyotokea chini ya mfuniko wa sufuria.

Yapo majaketi ya bei kubwa yanayosemwa kuwa “yanapumua”. Chimbuko la mengi ni kazi ya Mmarekani Bob Gore, aliyegundua mwaka 1969 kwamba tefloni, ile ile ya vikaango, ikipashwa moto na kuvutwa kwa ghafla hupata vitundu vidogo mno. Tone la maji haliwezi kupenya humo, lakini mvuke hupita. Tatizo ni kwamba hupita polepole. Mtoto anayepanda mlima wa Lushoto na begi la vitabu, sweta likiwa ndani ya jaketi, hutoa jasho haraka kuliko vitundu vinavyoweza kulitoa.

Isitoshe, kitambaa cha nje cha jaketi hilo hupakwa dawa ya kufukuza maji, na dawa hiyo huchakaa. Nyunyizia maji kidogo: yakiviringika kama juu ya jani la mgomba, dawa ingalipo. Yakinywewa na kitambaa kikawa na mabaka meusi, mvuke hauna pa kutokea, hata kama hakuna tundu linalovuja. Fua kwa sabuni laini, suuza sana, na usitie dawa ya kulainisha nguo. Kama lebo inaruhusu, pasi ya moto mdogo huamsha dawa iliyobaki.

Kwa safari ya shule, sweta livuliwe kabla ya kupanda mlima na livaliwe darasani. Zipu ifunguliwe kidogo shingoni mvua inapopungua. Ndani, fulana ya poliesta hukauka mapema kuliko ya pamba.

Tanga mjini hali ni nyingine. Hewa ya nje tayari ina joto na imejaa mvuke, hivyo mvuke wa ndani hausukumwi kutoka. Huko mwavuli unamfaa mtoto kuliko jaketi la bei yoyote.