Chen na lein: udogo unaobadili jinsia ya nomino

Kiswahili huonyesha udogo wa kitu mwanzoni mwa neno: mto huwa kijito, chupa huwa kichupa. Kijerumani huuonyesha mwishoni. Der Hund ni mbwa, das Hündchen ni kijibwa. Die Flasche ni chupa, das Fläschchen ni kichupa. Irabu ya shina nayo hubadilika, kwa kuwa zamani viambishi hivi vilikuwa na sauti i iliyoivuta irabu iliyotangulia.

Nomino za Kijerumani zina jinsia tatu: ya kiume (der), ya kike (die) na ya kati (das). Neno likishapokea chen au lein huwa das, lilikotoka haidhuru. Sababu ni kwamba katika Kijerumani sehemu ya mwisho ya neno ndiyo inayoshika jinsia. Nyumba ni das Haus, ufunguo ni der Schlüssel; ufunguo wa nyumba basi ni der Hausschlüssel. Viambishi tamati hufuata kanuni hiyohiyo. Ung huleta die, chen na lein huleta das, kama vile ki inavyomtoa mtoto anayelia katika ngeli yake, tukasema kitoto kinalia. Tangu kale viambishi vya udogo vilikuwa katika jinsia ya kati, yalimo pia majina ya wachanga: das Kind, mtoto, das Kalb, ndama, das Lamm, mwanakondoo.

Neno linalowatatiza wanafunzi kuliko yote ni das Mädchen, msichana. Asili yake ni die Magd, ambalo zamani lilimaanisha mwanamwali. Likawa Mägdchen, kisha g ikamezwa. Leo Magd ni mtumishi wa kike, neno la kizamani, na anayesema Mädchen hafikirii udogo wowote. Lakini chen ipo, kwa hiyo das inabaki. Hata hivyo, sentensi inayofuata inapomrejelea msichana huyo, Wajerumani wengi husema sie, kiwakilishi cha kike, badala ya es. Kiswahili kimekwenda mbali zaidi: kijana ana ki, lakini husemwa kijana yule anasoma, si kile kinasoma. Kijerumani hakikubali kufika huko. Anayesema die Mädchen atasikika akitaja wasichana wengi, maana umbo la neno halibadiliki katika wingi.

Uchaguzi kati ya viambishi viwili hutegemea zaidi matamshi. Kitabu, Buch, kinaishia na ch, na kuongeza chen kungeulemea ulimi. Hivyo kijitabu ni das Büchlein.

Si kila chen ni ya udogo. Der Kuchen ni keki na der Knochen ni mfupa, yote ya kiume, kwa sababu ch ni ya shina na kilichoongezwa ni en tu. Keki ikidogoshwa, en hiyo huanguka, lein ikachukua nafasi yake: das Küchlein.