Pasi Hamsini kwa Usiku Mmoja

Katika nyumba nyingi za kupanga za Dar es Salaam, wapangaji hutumia mita moja ya Luku na kuchangia fedha sawasawa. Hapo ndipo pasi inapogeuka adui. Pasi ya wati 1,000 ikifululiza kuwaka saa moja humaliza uniti nzima, na kwa uniti hiyohiyo taa ya wati 10 ingewaka saa 100. Kwa hiyo mwenye nyumba anayepiga marufuku pasi si mchawi, amepiga hesabu. Anayetunga kichekesho asilisahau hilo. Mzee akiwa mkali bila sababu, watazamaji watamchukia badala ya kumcheka.

Sasa tumpe mpangaji mpya. Kijana amelipa kodi ya miezi sita na ameambiwa masharti yote. Tunamwona akiingia chumbani na viatu vya njumu mkononi, shati limekunjamana kama limetoka mdomoni mwa ng'ombe. Mzee hajamwona. Watazamaji wamemwona, na lazima wamwone mapema, kwa sababu raha ya mchezo huu ni kujua kitu ambacho mzee hakijui. Jirani mmoja anapita na kumwambia mzee: "Yule mpangaji wako mpya anajua pasi, jamani!" Jioni mzee anamsubiri uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia wewe ni mtu wa pasi."

"Wananisifu tu, mzee. Jana usiku nimepiga kama hamsini."

"Hamsini! Usiku mmoja?"

"Na zote zimenyooka."

"Unawapigia akina nani?"

"Wenzangu kumi. Wote wananitegemea mimi."

"Na wanakulipa?"

"Jumapili tukishinda, tunapewa mbuzi."

"Mshinde wapi?"

"Nyumbani, mzee. Sisi tumezoea kushinda nyumbani."

Mzee anashika kichwa. Watu kumi na mmoja, kutwa nzima, na mbuzi juu, kwa Luku yake!

Angalia kilichofichwa. Hakuna aliyetaja mpira, wala nguo, wala umeme. Kila jibu la kijana ni kweli tupu kwa kiungo wa timu ya mtaani, na kila jibu ni kosa jipya masikioni mwa mzee. Ndiyo kanuni ngumu kuliko zote: sentensi ikisimama kwa upande mmoja tu, watazamaji wanaona mkono wa mwandishi. Kijana akidanganya hata mara moja, mchezo umegeuka wa tapeli, na huo ni mchezo mwingine kabisa.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Plauto, Mroma aliyeandika zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, ana bahili aliyeibiwa chungu cha dhahabu. Kijana anakuja kuungama kwamba alimkosea binti wa mzee huyo, naye bahili anadhani anaungama wizi. Wanagombana kwa muda bila kujua kwamba kila mmoja ana lake. Ukiileta kwa Kiswahili utakwama haraka, maana binti ni "nilimgusa" na chungu ni "nilikigusa", na hapo siri imefichuka. Ngeli zetu ni mashahidi wabaya. Ndiyo maana pasi inafaa: ya kunyooshea nguo na ya uwanjani zote ni hii na hizi, zote hupigwa, na zote husifiwa zikinyooka.

Msomaji atauliza: kwa nini mzee asiulize tu kama pasi ni ya umeme au ya mkaa? Swali hilo moja lingemaliza kila kitu. Haulizi kwa sababu ameshahukumu, na kila anachouliza ni cha kuongeza kosa. Hata shati lililokunjamana limesimama mbele yake na halioni. Mwenye nyumba mpole angeuliza mapema, na kichekesho kingekufa kwenye mstari wa pili.

Kilichobaki ni kufumbuka. Waandishi wengi huharibu hapa kwa kumfanya kijana aeleze kwa hotuba. Afadhali umeme ukatike. Mzee anavamia chumba na tochi, anapekua chini ya kitanda, anaibuka na kiatu cha njumu.

"Hiki nini?"

"Ndicho ninachopigia pasi, mzee."

Kabla hajajibu, sauti ya mkewe inatoka nyumba kubwa: "Baba, Luku imeisha! Na kanzu yako nimeinyoosha upande mmoja tu!"

Pazia lifungwe hapohapo. Mwandishi akimwacha mzee aombe radhi, kicheko kitakuwa kimepoa kabla watu hawajasimama.