Kipochi cha Kuokota

Tuseme umepita Soko la Kongowea, Mombasa, ukaokota kipochi cheusi kilichofungwa kwa uzi mwekundu. Umefungua, umekuta shilingi 20,000. Wengi hujitetea hapo kwamba wameokota, hawakuiba. Wanazuoni wa fikihi hawakuridhika na jibu hilo.

Msingi wao ni hadithi ya Zaid bin Khalid Al-Juhani. Mtu alimwuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) kuhusu kitu kilichookotwa, naye akamwagiza akijue vizuri chombo chake na kamba yake, kisha akitangaze mwaka mzima. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kukariri: rangi ya kipochi, uzi, idadi ya noti na aina zake. Alama hizo ndizo zitakazomtenga mwenyewe na mlaghai.

Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mwaka huhesabiwa tangu siku ulipoanza kutangaza, si siku ulipookota. Ukikaa kimya miezi mitatu, miezi hiyo haimo. Wala hulazimiki kupiga kelele kila siku. Mwanzoni unatangaza asubuhi na jioni, baadaye mara moja kwa siku, kisha kila wiki, mwishowe kila mwezi, ili watu wasisahau. Unatangaza pale pale sokoni na kwenye milango ya misikiti, lakini si ndani yake. Taja kwamba ni kipochi, usitaje uzi wala kiasi. Ukitaja yote, yeyote atakuja kudai.

Mwaka huo wote fedha ni amana. Zikiibwa bila uzembe wako, hudaiwi, ukizitumia, unadaiwa. Kitu kidogo hakihitaji mwaka, hutangazwa hadi ionekane mwenyewe amekwisha kukata tamaa, na tende moja iliyoanguka njiani haitangazwi kabisa. Samaki mbichi naye hangoji: ama umuuze utunze bei yake, ama umle na thamani yake ibaki deni juu yako, huku ukiendelea kutangaza.

Mwaka ukiisha bila mtu kutokea, kwa Shafi kipochi hakiwi chako chenyewe tu. Ni lazima utamke kwamba umekimiliki. Wahanbali wanaona kinaingia katika mali yako bila tamko; Wahanafi wanamruhusu maskini akitumie, na tajiri wanamtaka akitoe sadaka.

Jambo linalosahaulika zaidi, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kwamba kumiliki huko hakufuti haki ya mwenyewe. Akitokea mwaka wa tatu, akathibitisha kwamba kipochi ni chake, na wewe ulishazitumia zile fedha kulipia karo, utamrudishia shilingi 20,000 kamili.